Tengo la waranti: hesabu madai kwa umri wa bidhaa, si kwa mwaka wa matumizi

"Wakuu, tunauza friza zenye waranti ya miezi 24. Kila mwisho wa mwaka tunaweka vitabuni tengo, yaani deni la makadirio kwa madai yajayo, sawa na fedha tulizotumia kutengeneza friza za wateja mwaka huo. Mkaguzi wa hesabu anasema ni dogo mno na anataka tuonyeshe hesabu kamili. Kosa liko wapi, na makadirio yanafanywaje?"

Ndugu, nilikuwa mhasibu wa msambazaji wa friji na friza jijini Mwanza, na utaratibu huohuo niliukuta ukitumika nilipoajiriwa. Mkaguzi wenu yuko sahihi. Kosa lenyewe halionekani kwa urahisi, kwa sababu tarakimu mnayoitumia ni ya kweli na imetoka vitabuni. Shida ni kwamba inajibu swali jingine.

Kiwango cha uhasibu cha IAS 37 kinataka tengo liwe makadirio bora ya gharama ya kumaliza wajibu uliopo siku ya kufunga hesabu. Wajibu wenu siku hiyo ni matengenezo yote yatakayodaiwa kuanzia kesho yake kwa friza ambazo zimekwisha kuuzwa na waranti yake haijaisha. Fedha mlizotumia mwaka huu ni za friza zilizouzwa mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, yaani wakati biashara yenu ilikuwa ndogo kuliko sasa. Mauzo yanapokua, madai huyafuata kwa kuchelewa, na ukipima deni la kesho kwa matumizi ya leo utapata pungufu kila mwaka.

Tulianza kwa kutafuta taarifa, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kubwa. Mafundi walikuwa na daftari la karakana lenye tarehe ya friza kuletwa, namba yake ya seriali, ubovu na kilichobadilishwa. Tarehe ya kuuzwa haikuwamo. Nilikaa karibu wiki tatu nikioanisha namba za seriali na ankara za mauzo, hadi kila dai likawa na tarehe mbili: siku friza ilipouzwa na siku ilipoharibika. Bila tarehe hizo mbili hakuna hesabu ya tengo inayoweza kutetewa mbele ya mkaguzi, kwa hiyo kama daftari lenu halina tarehe ya mauzo, anzeni kuiandika sasa hivi.

Tulipopanga madai kwa umri wa friza, sura iliyojitokeza ilitushangaza sote. Nitatumia tarakimu nilizozirahisisha ili mfuate kwa wepesi, lakini umbo lake ni lile tuliloliona. Katika kila friza 100 zilizouzwa, 2 zilirudi ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kwa kawaida kwa kasoro ya kiwandani au ya kusafirishwa vibaya. Moja ilirudi kati ya mwezi wa 7 na wa 12. Kisha zikarudi 3 kati ya mwezi wa 13 na wa 18, na 4 kati ya mwezi wa 19 na wa 24. Jumla ni 10 kwa kila 100, na 7 kati yake zinakuja mwaka wa pili, wakati ambapo mwenye kuangalia mauzo mapya tu ameshazisahau.

Sasa tuchukue siku ya 31 Desemba 2023. Friza zilizouzwa Januari hadi Juni 2022 ni 600, Julai hadi Desemba 2022 ni 700, Januari hadi Juni 2023 ni 900, na Julai hadi Desemba 2023 ni 1,100. Kwa kuwa mauzo yametawanyika ndani ya kila nusu mwaka, tunachukua umri wa wastani. Fungu la mwisho lina wastani wa miezi 3, kwa hiyo nusu ya madai ya miezi 6 ya mwanzo yameshakuja na yamebaki 9 kwa kila 100, yaani madai 99. Fungu la friza 900 lina wastani wa miezi 9 na limebakiwa na 7.5 kwa 100, yaani 67.5. Fungu la 700 limebakiwa na 5.5 kwa 100, yaani 38.5. Fungu la 600 linakaribia kumaliza waranti, limebakiwa na 2 kwa 100, yaani 12. Jumla ya madai yanayosubiriwa ni 217.

Linganisheni na njia ya zamani. Mwaka 2021 ziliuzwa friza 400 katika nusu ya kwanza na 500 katika nusu ya pili, na ukiyakokotoa kwa viwango hivyohivyo utaona kwamba karakana ilipokea madai kama 127 katika mwaka mzima wa 2023. Ukiyagawa kwa friza 2,000 zilizouzwa mwaka huo, unapata kama 6 kwa 100, na mkurugenzi anaambiwa kwamba ubora wa bidhaa ni mzuri. Kiwango halisi ni 10. Hakuna aliyedanganya. Kigawanyo kimejaa friza changa ambazo bado hazijafikia umri wa kuharibika.

Baada ya idadi ya madai inakuja gharama ya dai moja, na hapa pia wastani mmoja wa jumla hupotosha. Friza changa zilirudi kwa themostati, feni au waya uliolegea, kazi ya wastani wa shilingi 80,000 pamoja na usafiri wa fundi. Friza zilizopita mwaka zilirudi kwa kompresa au kwa gesi kuvuja, na chache zilibadilishwa nzima, hivyo wastani ukafika shilingi 230,000. Kati ya madai 217 yanayosubiriwa, 26.5 tu yatatoka kwa friza zisizofikisha miezi 12, na 190.5 yatatoka kwa zilizopita umri huo. Kwa hiyo tengo ni shilingi 2,120,000 kujumlisha 43,815,000, sawa na 45,935,000. Fedha zilizotumika mwaka 2023 zilikuwa kama milioni 21.5, na hizo ndizo zingewekwa kwa utaratibu wa zamani. Deni lilionyeshwa pungufu ya nusu.

Katika gharama hiyo ingizeni vipuri kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, ujira wa fundi kwa saa anazotumia kwenye waranti, na nauli. Sisi tulikuwa tumeisahau nauli ya kwenda Bukoba na Geita, ambayo kwa ubovu mdogo ilizidi bei ya kipuri chenyewe. Bei zitumike zile mnazotarajia kulipa wakati wa kutengeneza, na kwa vipuri vinavyonunuliwa kwa dola hilo lina uzito.

Kuna jambo la umeme ambalo naomba mlitazame kwa makini. Kadi yetu ya waranti ilisema wazi kwamba ubovu unaotokana na umeme kupanda na kushuka haumo. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa ikiwatengenezea bila malipo wateja wenye maduka makubwa, na wao wakazoea hivyo. IAS 37 inahesabu desturi ya namna hiyo kuwa wajibu, hata kama karatasi inasema vinginevyo, mradi wateja wana matarajio halali yaliyojengwa na mwenendo wenu. Tuliyaingiza madai hayo katika viwango. Kama nanyi mnafanya hivyo, msijifiche nyuma ya kadi.

Jambo jingine linalopindisha umri ni mawakala. Friza iliyopelekwa kwa wakala Kahama ilihesabiwa kuwa imeuzwa siku ilipotoka ghalani kwetu, lakini waranti ya mteja ilianza siku wakala alipoiuza, pengine miezi 4 baadaye. Tengo linawekwa tangu mauzo yalipotambuliwa vitabuni, ila umri wa friza uhesabiwe kuanzia siku ambayo mteja wa mwisho aliichukua. Tulipolirekebisha hilo, friza kadhaa tulizodhani zimemaliza waranti zilionekana bado zina miezi ya kudai.

Kiwanda kinachowaletea kompresa za bure kisiwafanye mpunguze tengo. Wajibu kwa mteja ni wenu, kwa hiyo deni linaonyeshwa lote, na fidia ya kiwanda inaonyeshwa kando kama mali, pale tu ambapo ni karibu hakika kwamba italipwa na bila kuzidi tengo lenyewe. Katika taarifa ya faida na hasara mnaruhusiwa kuonyesha gharama ikiwa imeshaondolewa fidia. Waranti ya nyongeza ambayo mteja anailipia peke yake haimo katika hesabu hii. Hiyo ni huduma chini ya kiwango cha mapato cha IFRS 15, na fedha yake hutambuliwa kuwa mapato kadiri muda wake unavyopita.

Vitabuni, tengo linapoongezwa mnadebiti gharama ya waranti na kukrediti tengo. Fundi anapotengeneza friza, mnadebiti tengo na kukrediti vipuri, mishahara au benki. Kosa nililolikuta ni kwamba matengenezo yalipelekwa moja kwa moja kwenye gharama za mwaka huku tengo likikaa bila kuguswa, hivyo friza ileile ikagharimu mara mbili. Katika mfano wetu, madai 138.5 yanatarajiwa mwaka 2024 na 78.5 mwaka 2025, na deni hugawanywa kwa misingi hiyo kati ya muda mfupi na mrefu. Kwa muda mfupi namna hii, kupunguza thamani kwa riba mara nyingi hakubadilishi kitu cha maana, lakini andikeni kwamba mmelipima.

Kwa upande wa kodi, TRA haikubali tengo kuwa gharama hadi fedha itumike, kwa hiyo liongezeni kwenye faida inayotozwa kodi na mtambue kodi iliyoahirishwa kwa kiwango cha 30%.

Toleo moja la friza likionyesha ubovu wa pamoja, litoeni kwenye viwango vya kawaida na mlikadirie peke yake. Tuliwahi kupokea shehena moja ambayo mabomba yake yalivuja kwenye maungio, na kuichanganya na nyingine kungeharibu viwango vya friza nyingine zote za miaka mitatu.

Mkaguzi wetu hatimaye hakutaka maelezo marefu. Alitaka karatasi moja inayoonyesha tengo la mwaka uliopita, na kando yake fedha zilizotumika baadaye kwa friza zilizouzwa kabla ya tarehe ile pekee, bila kuchanganya na zilizouzwa baadaye. Mwaka wa kwanza wa njia mpya tulikosea kwa kuzidisha kidogo, kwa sababu friza za ujazo mkubwa zilidumu kuliko ndogo. Mwaka uliofuata tukazitenganisha katika makundi mawili, kila kundi na viwango vyake.