Re: Nimekosa ndege ya kwenda, tiketi ya kurudi bado ipo?

"Jana nimeachwa na ndege Dar–Dubai. Nikinunua nyingine ya kwenda tu, ile ya kurudi itafanya kazi?"

Pole sana ndugu. Usinunue kwanza. Mashirika mengi hutaka safari zitumike kwa mfuatano. Ukikosa ya kwanza bila taarifa, mfumo hufuta na ya kurudi. Mimi niligundua nikiwa kaunta ya kurudi, nikalipa upya. Leo hii mpigie aliyekuuzia, umpe namba ya tiketi yenye tarakimu 13, aombe ya kurudi ibaki hai. Kwenye kanuni za nauli soma sehemu ya PENALTIES, tafuta NO-SHOW, yaani kutotokea safarini: faini iko hapo. Hata ukikuta NON-REFUNDABLE, yaani nauli hairudishwi, dai kodi za uwanja ambazo hazijatumika. Mara nyingi hurudishwa.