Tarehe ya kwenye betri haijui joto la kabati lako

Mtu akikuta kwenye droo betri ambayo tarehe yake imepita, mara nyingi huitupa. Akikuta bado imebakiza miaka saba, huitia kwenye tochi bila kuwaza. Nimetunza betri za akiba za tochi, redio na vipimo kwa muda mrefu, na sasa sisomi tarehe kabla ya kujua betri ilikuwa imehifadhiwa wapi. Mahali penyewe huniambia mengi kuliko tarakimu zilizochapishwa.

Ninazungumzia betri zisizochajiwa tena, na hasa za alkalini, zile za AA na AAA zinazoingia kwenye karibu kila kifaa cha nyumbani. Tarehe yake huwa ubavuni au kwenye pakiti, kwa mwezi na mwaka, mfano 03-2031. Mtengenezaji hasemi kwamba mwezi huo betri itakufa. Anachoahidi ni kwamba ikikaa bila kutumika, mahali pakavu penye nyuzi joto 20 hivi, itafika mwezi huo ikiwa bado na sehemu kubwa ya nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Kwa alkalini, kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 80. Kwa hiyo ahadi ina masharti mawili, betri iwe haijatumika na joto liwe la wastani, na hilo la pili ndilo linalovunjwa kila siku bila mtu kujua.

Sababu iko ndani ya betri yenyewe. Kuna unga wa zinki uliolowekwa kwenye uji wa haidroksidi ya potasiamu. Hata kama hakuna waya uliounganishwa, zinki hiyo huliwa polepole: inamenyuka na maji yaliyo kwenye uji na kutoa gesi ya haidrojeni. Zinki iliyoliwa hivyo haitakupa umeme tena. Joto likipanda, mmenyuko unakwenda kasi zaidi, na kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi huwa karibu mara mbili. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kufanyia uamuzi.

Tuchukue betri mbili za aina moja, zote zimetengenezwa Machi 2021 kwa ahadi ya miaka 10, zote zimeandikwa 03-2031. Kupoteza asilimia 20 kwa miaka 10 ni sawa na kama asilimia 2 kwa mwaka katika nyuzi 20. Ya kwanza inakaa kwenye chumba chenye nyuzi 20. Ya pili inawekwa kwenye kabati la juu, chini ya paa la bati, ambapo wastani wa joto ni nyuzi 40. Nyuzi zimeongezeka 20, maana yake kasi imeongezeka mara mbili kisha mara mbili tena, na hasara inakuwa kama asilimia 8 kwa mwaka. Ikifika Machi 2024 betri ya juu imepoteza karibu asilimia 24, imeshavuka ahadi yake, huku tarehe ikisema bado miaka saba. Ile ya chumbani itafika hasara hiyohiyo mwaka 2033, miaka miwili baada ya tarehe kupita. Ukiwekewa zote mbili mezani kwa hali hizo, iliyopitwa na tarehe na isiyopitwa, zina nguvu ileile. Katika nyuzi 30, ambazo ni joto la kawaida la nyumba nyingi, ahadi ya miaka 10 inakuwa kama ya miaka mitano. Mimi hulihesabu hivyo hata kabla ya kupima.

Kupungua kwa nguvu bado si hasara kubwa kuliko zote. Ile haidrojeni haina pa kwenda, na shinikizo lake hupanda ndani ya kopo. Kifuniko cha upande hasi kimetengenezwa kiwe na sehemu nyembamba ya kupasuka ili betri isilipuke, na ikipasuka, uji hutoka. Ukikutana na hewa hugeuka ganda jeupe linalotafuna vyuma vya kifaa. Ndiyo maana betri iliyokaa kwenye joto ni ya kukagua kwa macho kwanza: angalia kingo za upande hasi, na ukiona weupe wowote au kopo limevimba, usiipime wala usiitumie. Weupe ulioingia kwenye kifaa unafutwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha pakaushwe vizuri. Uji wenyewe unachoma ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu.

Betri isiyo na dosari kwa nje hupimwa ikiwa na mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme. Mita ikiwekwa bila mzigo inaweza kusoma volti 1.5 hata kwenye betri iliyochoka, kwa sababu kinachoongezeka betri ikizeeka ni ukinzani wa ndani, na huo hauonekani mpaka umeme utembee. Weka rizista ya omu 10 kati ya ncha mbili kwa sekunde chache, usome volti wakati rizista ikiwa bado pale. Betri mpya ya aina hiyohiyo ndiyo kipimo chako. Ile inayokaribia namba za mpya naiweka kwenye tochi. Inayoporomoka hadi volti 1.2 au chini haifai tochi wala kamera, ingawa saa ya ukutani, inayokula umeme kidogo mno, inaweza kuendelea nayo kwa muda.

Watu huuliza sana kuhusu friji. Kwa alkalini iliyo kwenye chumba chenye nyuzi 20, faida ni ndogo, na unyevu unaojikusanya juu ya betri ukiitoa kwenye baridi unaweza kuleta kutu kwenye ncha. Nyumba ikiwa haishuki chini ya nyuzi 30, friji inaanza kuwa na maana, ila betri ziwe kwenye pakiti yake ndani ya mfuko uliozibwa, na mfuko usifunguliwe mpaka zipate joto la chumba. Kwa wengi inatosha kuchagua kabati la chini kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, jiko na paa. Gari lililofungwa juani ndilo ghala baya kuliko yote.

Betri za AA za lithiamu zinavumilia zaidi, na ahadi yake hufika miaka 20, hivyo hizo ndizo ninazoweka kwenye tochi ya dharura. Za zinki na kaboni zina ahadi fupi, na joto pia huzikausha.

Ukinunua, chagua tarehe iliyo mbali zaidi, hata kama hujui betri ilihifadhiwaje, kwa sababu imekuwa na muda mfupi zaidi wa kupata joto huko ghalani. Kumbuka pia kwamba ahadi ya mtengenezaji inahusu betri iliyo kwenye pakiti. Kifaa kilichozimwa kinaweza kuwa bado kinanyonya kidogo, kwa hiyo ukijua hutakitumia kwa miezi, toa betri na uzifunge kando yake, ncha zisigusane.