Kukata picha ya ukurasa bila kukata maandishi

Anayepiga picha kurasa za kitabu kwa simu hupata, pamoja na ukurasa anaoutaka, vitu vitatu asivyovihitaji: meza, vidole vya aliyekishika kitabu, na mpindo wa karatasi unaoshuka kuelekea kwenye mshono. Meza na vidole huondoka kwa kukata picha. Mpindo hauondoki kwa njia hiyo, na wengi wanaojitahidi kuukata huishia kukata maneno. Hapa Lamu huletewa vitabu vya zamani vya familia, vilivyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na katika vitabu vya namna hii uzembe wa kukata huleta hasara ya haraka, kwa kuwa maandishi hayakai katikati ya ukurasa peke yake.

Kuna sehemu mbili za kuangaliwa kabla ya kugusa picha. Ya kwanza ni pambizo ya nje, ambamo waliosoma kitabu kabla yetu waliandika maelezo yao, mara nyingi kwa mshazari na kwa herufi ndogo. Ya pili ni pembe ya chini kushoto ya ukurasa wa kulia, ambapo mwandishi huweka peke yake neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili mpangilio wa karatasi usipotee. Kitabu cha herufi za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, hivyo pembe hiyo iko karibu kabisa na mshono, mahali karatasi inapopinda na mkono wa mkataji unaposhawishika kukata.

Sasa tuje kwenye kukata kwenyewe. Kifaa cha kawaida cha simu hukata kwa mstatili, lakini ukurasa uliopigwa picha si mstatili kamili. Simu ikiinama kidogo tu, upande ulio mbali nayo huonekana mfupi kuliko ulio karibu. Ukikata kwa mstatili itakubidi uchague kati ya kuacha vipande vya meza na kukata pembe za ukurasa. Njia iliyo sawa ni kuzitaja pembe nne za ukurasa, kisha programu iuvute ukurasa hadi uwe mstatili, na meza ibaki nje yenyewe. Programu nyingi za skani za simu hufanya hivyo, ila hubahatisha pembe, na hukosea hasa kitabu kikiwekwa juu ya mkeka wenye mistari au kitambaa cheupe. Mimi hutandika kaniki isiyo na mng'ao, kisha pembe nazipima mwenyewe.

Tuchukue ukurasa mmoja wa kulia, wenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 21, katika picha ya pikseli 3000 kwa 4000. Nikiifungua picha katika GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, na kupeleka kishale kwenye kila pembe, vipimo vinaonekana chini ya dirisha: juu kushoto 412,365, juu kulia 2585,330, chini kulia 2690,3512, chini kushoto 318,3490. Upana wa juu ni pikseli 2173 na wa chini ni 2372, na tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba simu iliinama. Nikiupa kila sentimita pikseli 150, ukurasa utakuwa 2250 kwa 3150, kipimo kilicho karibu na cha ukurasa ulivyo ndani ya picha, hivyo hakuna kinachopanuliwa bure.

Lakini pembe hizo bado hazifai kutumiwa kama zilivyo. Karatasi huinuka kabla ya kushuka kwenye mshono, na sehemu iliyoinuka, kwa kuwa iko karibu na kamera, huonekana kubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba ukingo wa juu hujikunja kwenda juu na wa chini hujikunja kwenda chini, huku mstari ulionyooka kati ya pembe mbili ukipita ndani ya mkunjo huo. Katika ukurasa huu mkunjo ulizidi mstari kwa karibu pikseli 40 juu, na kiasi kama hicho chini. Kwa hiyo nilizisogeza pembe za juu kwenda juu kwa 40 na za chini kwenda chini kwa 40, kisha nikaongeza 80 kwenye urefu. Amri ya ImageMagick, programu inayohariri picha kwa amri za kuandika, ikawa hii:

```
magick IMG_0412.jpg -auto-orient \
  -define distort:viewport=2250x3230+0+0 \
  -distort Perspective "412,325 0,0 2585,290 2250,0 2690,3552 2250,3230 318,3530 0,3230" \
  +repage ukurasa-012.png
```

Kila pembe ya picha inafuatwa na mahali inapotakiwa kwenda. Neno `-auto-orient` lisiachwe, kwa sababu simu nyingi huihifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni tu kwamba igeuzwe. Bila neno hilo, pembe ulizozipima kwenye picha iliyosimama hazitalingana na zile zinazosomwa na amri. Juu na chini ya ukurasa patabaki vijipande vyembamba vya kaniki. Viache. Wahifadhi wa nyaraka wenyewe hupenda kuacha ukanda wa nje ya ukurasa uonekane, ili msomaji ajue kwamba hakuna kilichokatwa.

Kidole gumba nacho kilikuwa kimeingia upande wa kulia kwa karibu pikseli 90, ndani ya pambizo iliyokuwa tupu. Hapo niliongeza `-gravity East -chop 110x0` baada ya `+repage`, yaani nimepunguza chini ya sentimita moja upande wa nje. Kipunguzo hicho kitumike kwa kurasa zote za kulia, baada ya kuhakikisha kwamba hazina maandishi hapo. La sivyo upana wa kurasa utakuwa unaruka kila unapofunua. Kidole kikiwa juu ya maelezo ya pambizoni, hakuna kukata wala kupaka rangi kutakakofaa: picha irudiwe, na karatasi ishikwe kwa ukanda mwembamba wa karatasi ngumu. Kupaka rangi ya karatasi juu ya kidole sikupendi hata penye pambizo tupu, kwa maana anayekuja baadaye hawezi kujua kama palikuwa na kitu.

Tukirudi kwenye mpindo, amri hii hainyooshi mistari. Angalia neno la mwisho la kila mstari, lile lililo jirani na mshono: ikiwa herufi zake zimebanana kuliko za katikati ya ukurasa, karatasi ilikuwa imeinama mbali na kamera. ScanTailor Advanced, programu ya kutengeneza picha za kurasa, katika hatua ya `Output` inaweza kupunguza hali hiyo kwa `Dewarping`, ambapo unachora mkunjo unaofuata mstari wa juu na mwingine unaofuata mstari wa chini. Lakini herufi zilizomezwa na mshono hazirudi. Zinazobanana sana nazipiga upya, kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu tu huku jalada la upande wa pili likiegemea mto, na simu ikiwa mbali zaidi kidogo. Umbali hupunguza ile tofauti kati ya sehemu iliyoinuka na iliyolala.

Nikimaliza kukata, huusoma ukurasa wa kulia chini kushoto, kisha neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yakilingana, nimejua mambo mawili kwa mara moja: pembe ile haikukatwa, na hakuna karatasi iliyorukwa. Yasipolingana, hurudi kwenye kitabu chenyewe kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe, kwa sababu wakati mwingine karatasi iliyokosekana haimo kitabuni tangu zamani, na hilo huliandika pamoja na picha.