Kina cha kati: mzani wa nane ulivyoniumbua

Shairi langu la kwanza la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, nilimpelekea mzee mmoja mtunzi nikiwa na uhakika kwamba mizani imetimia. Mshororo wa kwanza ulikuwa hivi:

*Jana nilimwona mzee wetu akila ndizi*

Hesabu mizani, yaani silabi, ni kumi na sita kamili. Yeye akaanza kuusoma huku akigonga meza kwa kidole, na alipofika mzani wa nane akanyamaza. Alikuwa amesimama katikati ya neno "mzee": m-ze, halafu e ikabaki upande wa pili. "Hapa mwimbaji atapumulia wapi?" akaniuliza.

Ndipo nilipoelewa kwamba ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, lazima uishe na neno lake, na pumzi yake. Nikauandika upya:

*Nilimwona babu jana, kakaa akila ndizi*

Sasa nina -na katikati na -zi mwishoni. Mshororo wa pili nikaanza, "Meno yote yameenda". Mzee akatikisa kichwa. Kina ni silabi nzima ya mwisho, si irabu peke yake, na -nda si -na. Kosa hili kwenye karatasi halionekani haraka. Lisome kwa sauti, utasikia limekwaruza. Nikabadili: *Mdomoni meno hana, kutafuna kwake kazi.*

Hapo nikaona kitu ambacho kuhesabu peke yake hakukunionyesha. "Hana" inakutana na mwenziwe, "jana", kwa hiyo sikio linatulia kidogo, lakini maana bado inaning'inia: hana meno, ehe, kwa hiyo? Utao, ile nusu ya pili, ndio unaojibu. Ukwapi ukijitosheleza kabisa, utao utakuwa kama mkia uliobandikwa, hata vina vikiwa safi.

Ubeti ukaisha hivi:

*Nilimwona babu jana, kakaa akila ndizi*
*Mdomoni meno hana, kutafuna kwake kazi*
*Akatabasamu sana, kama mtoto wa juzi*
*Kumbe uzee malezi, twarejea utotoni*

Angalia mshororo wa nne. Ile -zi iliyokuwa mwishoni mara tatu sasa imehamia katikati. Si lazima, wapo wanaotunga bila kufanya hivyo, ila mimi naipenda: msikilizaji anakutana na sauti anayoijua mahali asipoitarajia, ndipo kituo, mshororo huo wa mwisho, kinamshika.

Kinachonikera ni lile "sana" la mshororo wa tatu. Nililiweka kwa ajili ya kina tu. Siku hizi nikitunga, nalifuta neno la mzani wa nane na kuusoma mshororo bila hilo neno. Maana isipopungua, neno hilo ni kijazio. "Akatabasamu, kama mtoto wa juzi" hakujapungua kitu. Nimekaa na mshororo huo wiki nzima, na sasa unasomeka:

*Fizi zikaonekana, kama za mwana wa juzi*