Kutafsiri notisi ya madai kutoka Kifaransa: usiilegeze, usiigeuze hukumu

Unayeanza kazi ya kutafsiri barua za biashara, siku moja utaletewa karatasi yenye kichwa "Mise en demeure de payer", yaani notisi rasmi ya kudai malipo. Mfanyabiashara mdogo alichukua mzigo kwa muuzaji aliyeko Ufaransa, akalipa sehemu, na sasa anadaiwa salio. Anataka kujua mambo matatu: anadaiwa kiasi gani, mwisho wa kulipa ni lini, na je, ameshashtakiwa? Tafsiri isipomjibu hayo haijamsaidia, hata kama Kiswahili chake ni kizuri.

Tuchukue barua ya mfano. Ankara ilikuwa ya euro 2,480 na mteja akalipa 1,000. Sentensi kuu inasema: "Nous vous mettons en demeure de nous régler la somme de 1 480,00 €, sous huitaine à compter de la réception de la présente." Mimi ningeandika: "Kwa barua hii tunakutaka rasmi utulipe euro 1,480 ndani ya siku 8 kuanzia siku utakapoipokea."

Angalia hiyo namba. Wafaransa hutenganisha maelfu kwa nafasi, na mkato wao ni wa senti. Ukiinakili ilivyo, msomaji wa Kiswahili anaweza kusoma kitu kingine kabisa. Na nafasi ile ikiangukia mwisho wa mstari, 1 inabaki juu na 480 inashuka chini. Iandike upya kwa namna anayoizoea, kisha ongeza kwa maneno: euro elfu moja mia nne na themanini. Barua nyingi za wafanyabiashara huongeza euro 40 za gharama za ufuatiliaji, ambazo sheria ya Ufaransa imeziweka kwa malipo yaliyochelewa baina yao. Ziache kwenye mstari wake. Ukizijumlisha kimyakimya na deni, atadhani muuzaji amebadilisha ankara.

Siku 8 zibaki siku 8. Ukiandika "wiki moja" umemnyang'anya siku. Soma pia zinaanza kuhesabiwa lini: hapa ni tangu kupokea, lakini barua nyingine huhesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu, na hapo huenda nusu ya muda imeshapita posta. Kwa sababu hiyo mwombe bahasha, na umuulize aliipokea na kuisaini siku gani. Barua hizi kwa kawaida hutumwa kwa rejista yenye uthibitisho wa kupokelewa.

Sehemu ambayo wageni wengi wa kazi hii huiruka ni ile sentensi ndefu inayoonekana kama pambo la mawakili: "de nature à faire courir tous délais, intérêts et autres conséquences que la loi et les tribunaux attachent aux mises en demeure". Usiifute. Hiyo ndiyo nguvu ya barua. Kwa kifungu cha 1344-1 cha sheria ya kiraia ya Ufaransa, notisi hii ndiyo inayoanzisha riba ya kisheria ya ucheleweshaji, bila mdai kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara. Iandike hivi: "Barua hii inaanzisha kuhesabiwa kwa muda, riba na matokeo mengine yote ambayo sheria na mahakama huyaambatanisha na notisi ya namna hii."

Mwishoni huja kitisho: asipolipa, watalazimika kwenda mahakamani bila taarifa nyingine. Hapa tafsiri nyingi huharibika. Wapo wanaoandika "amri ya kulipa" au "wito", na mteja anatoka akitetemeka, akiamini hukumu imetoka. Hii ni sauti ya mdai. Hakimu bado hajasema lolote. Wengine hudanganywa na salamu ndefu za heshima zinazofunga barua, wakaandika "tunakuomba". Salamu hizo zinatosha kuwa "Wako mwaminifu". Dai lenyewe libaki "tunakutaka".

"Vous" nayo iangalie, maana huweza kuwa wewe mmoja kwa heshima au ninyi wengi. Kama barua imeandikiwa mtu mmoja, sema "utulipe". Ukisema "mtulipe", mkewe na ndugu zake wataona deni ni lao pia.

Na ukikuta "sauf erreur ou omission de notre part", itafsiri kikamilifu: "isipokuwa kama kuna kosa au jambo tulilolisahau upande wetu". Kama mteja wako ana risiti ya malipo ambayo hayamo kwenye hesabu yao, sentensi hiyo inaonyesha kwamba mdai mwenyewe amekubali huenda amekosea. Usiichomeke risiti ndani ya tafsiri. Mwambie aijibu barua kwa maandishi, aambatanishe nakala, na afanye hivyo kabla siku 8 hazijaisha. Kama anabishia deni lenyewe, hapo apelekwe kwa wakili, akiwa na barua ya Kifaransa mkononi pamoja na tafsiri yako.