Ethi rodi kwenye ardhi kavu

*"Rodi ya futi 4 inatosha hapa Dodoma kiangazi? Na niimwagie maji kabla ya kupima?"*

Haitoshi, na usiimwagie maji. Udongo wa juu hukauka kabla ya ule wa chini, kwa hiyo rodi ya mita 1.2 huwa karibu yote imo katika tabaka lisilopitisha umeme vizuri. Katika udongo wenye ukinzani wa omu-mita 300, rodi hiyo yenye kipenyo cha milimita 16 hutoa ukinzani wa takriban omu 215, ilhali ya mita 2.4 hutoa takriban 121, na hushuka zaidi ikiufikia unyevu.

Pima ukinzani wa rodi kwa mita ya ethi mwezi Oktoba, kabla ya mvua. Zima swichi kuu, ondoa waya wa ethi kwenye rodi, kisha chomeka vijiti vya mita hiyo: cha mkondo mita 30 kutoka kwenye rodi, na cha volti mita 18 hadi 19 kutoka kwenye rodi, kwenye mstari huohuo. Vijiti hivyo viwili ndivyo vya kumwagia maji, kwa sababu vikiwa vikavu kipimo huyumba. Ukiilowesha rodi yenyewe, utasoma namba nzuri itakayotoweka baada ya siku chache. Sogeza kijiti cha volti mita 2 mbele na nyuma: namba zikitofautiana sana, ongeza umbali.

Wapo wanaopendekeza kutia chumvi kwenye udongo: ni kweli kwamba hupunguza ukinzani, lakini huila rodi na huoshwa na mvua. Mimi ningeongeza rodi ya pili, mita 3 au zaidi kutoka ya kwanza, ingawa penye mwamba wa karibu hata hiyo huenda isitoshe.