Kabla ya A·d², hakikisha mhimili wako uko mahali pake

Katika hesabu za momenti ya pili ya eneo, yaani kipimo cha jinsi umbo la boriti linavyopinga kupinda, ninazoletewa nizipitie, kanuni ya mihimili sambamba huwa imeandikwa sawasawa: I = Ic + A·d². Ic ni momenti ya kipande kwenye mhimili wa kitovu chake chenyewe, A ni eneo lake. Kinachokosewa mara nyingi ni d, umbali kutoka kitovu hicho hadi mhimili wa umbo zima.

Chukua boriti ya umbo la T iliyochomelewa kwa mabamba mawili. Lililosimama lina unene wa mm 20 na kimo cha mm 100. La juu lina upana wa mm 100 na unene wa mm 20. Kila moja lina eneo la mm² 2,000. Ukipima kutoka chini, kitovu cha bamba lililosimama kiko mm 50 na cha bamba la juu mm 110. Kwa kuwa maeneo ni sawa, kitovu cha umbo zima kiko katikati ya hivyo viwili, yaani mm 80, na d ni mm 30 kwa kila bamba.

Sasa tafuta Ic ya kila bamba kwa bh³/12, ukikumbuka kwamba b ni kipimo cha mlalo na h ni kipimo cha wima, hata bamba likiwa limelala. Lililosimama linatoa mm⁴ 1,666,667, la juu mm⁴ 66,667 tu. A·d² ni 2,000 × 900, yaani 1,800,000 kwa kila moja. Jumla ni mm⁴ 5,333,333. Ona bamba la juu: mchango wake karibu wote unatokana na kukaa mbali na mhimili.

Wapo wanaoweka mhimili nusu ya kimo, mm 60, kwa mazoea ya umbo la I lenye ulinganifu. Hapo d zinakuwa 10 na 50, na jibu linapanda hadi 6,933,333, asilimia 30 zaidi. Tena halitakosewa kamwe kwa kupungua, maana I ndogo kuliko zote kwa mihimili yote sambamba ni ile ya mhimili unaopita kwenye kitovu. Kwa hiyo kosa hili daima huifanya boriti ionekane ngumu kuliko ilivyo.

Kuligundua ni rahisi. Zidisha kila eneo kwa d yake, ukiweka alama ya kutoa kwa mabamba yaliyo chini ya mhimili, kisha jumlisha. Lazima upate sifuri. Kwa mm 80 unapata 60,000 − 60,000. Kwa mm 60 unabaki na 80,000. Mimi sigusi d² kabla ya kuona hiyo sifuri.

Ila hesabu hii yote inachukulia kwamba mabamba yanapinda kama kitu kimoja. Yakiwa yamelaliana tu na yanateleza, kila moja linapinda kivyake, A·d² zote zinapotea, na unabaki na mm⁴ 1,733,333, kama theluthi moja ya ile ya kwanza. Ulehemu wa pale yanapokutana ndio unaozuia mtelezo huo, kwa hiyo nao una hesabu yake.